Kufupisha sura ya mtiririko kwenye karatasi moja: milinganyo, masharti yake, na pale Bernoulli anapokwama

Tangi la plastiki liko juu ya paa la nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Uso wa maji umesimama mita 6 juu ya mdomo wa mfereji ulioko uani. Mwanafunzi aliyefupisha sura ya mtiririko kwa kunakili kila mlinganyo uliozungushiwa kisanduku kitabuni ataandika v = √(2gh), atapata mita 10.85 kwa sekunde, na kutabiri kwamba mtungi wa lita 20 utajaa kwa sekunde 10 hivi. Sasa mtungi uwekwe chini ya mfereji, saa ianze kuhesabu. Utachukua dakika moja na ushei.

Hesabu yake haina kosa hata moja. Alichokiacha ni maneno machache yaliyokuwa juu ya kile kisanduku: bila mnato, bila kubadilika na wakati, densiti moja, kwenye mstari mmoja wa mtiririko. Mlinganyo bila masharti yake ni dawa bila maelezo ya kipimo. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuifupisha sura ili masharti yabaki yameshikamana na milinganyo, kisha unalifuata tangi hilo mpaka mtungi ujae kwa muda unaojaa kweli.

Hatua ya kwanza: andika ukoo, usiandike orodha

Tunga karatasi yako kutoka juu kwenda chini, ukianza na mlinganyo wenye vitu vingi zaidi na kumalizia na wenye vitu vichache. Kila ukishuka ngazi, kuna kitu umekitupa. Andika ulichokitupa kwenye mshale wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mlinganyo wa chini utakapokuja kuvunjika. Kwa sura ya Bernoulli ukoo ni mfupi:

```
1.  ρ Dv/Dt = −∇p + ρg + μ∇²v
        ↓  toa mnato (μ = 0)
2.  ρ Dv/Dt = −∇p + ρg
        ↓  fuata mstari mmoja wa mtiririko, s
3.  ∂v/∂t + v ∂v/∂s + (1/ρ) ∂p/∂s + g ∂z/∂s = 0
        ↓  ∂v/∂t = 0, kisha ρ haibadiliki
4.  p/ρ + v²/2 + gz = C
```

Mlinganyo wa 4 ndio wa Bernoulli. Hapo ρ ni densiti, p ni presha, v ni kasi, z ni kimo kutoka usawa uliouchagua, na μ ni mnato, yaani ule ugumu wa kutiririka unaotofautisha asali na maji. Kando ya ukoo huu weka mlinganyo mmoja usiotoka ndani yake, ule wa kuhifadhi tungamo, A₁v₁ = A₂v₂. Huo hauhitaji kukosekana kwa mnato. Unataka tu densiti isibadilike, bomba liwe limejaa na lisivuje njiani. Ndiyo maana utaendelea kuutumia hata pale Bernoulli atakapokuwa amekwisha kuanguka.

Historia yenyewe ilikwenda kinyume na karatasi hii. Daniel Bernoulli alichapisha kazi yake mwaka 1738, Euler akaandika mlinganyo wa 2 katika miaka ya 1750, na mnato ukaja kuongezwa na Navier na Stokes katika karne ya 19. Vitabu vingi hufuata mpangilio huo wa miaka, na msomaji hupata mtoto kabla ya mama. Ukifupisha, ugeuze.

Ngazi ya 3 usiipite haraka. Wengi huruka kutoka 2 hadi 4, na wakiruka hupoteza neno "mstari". C si namba ya chumba kizima wala ya bahari nzima. Ni ya mstari mmoja wa mtiririko, na mstari wa jirani unaweza kuwa na C yake. Iandike hivyo hivyo kwenye karatasi: *C ya mstari huu*.

Hatua ya pili: geuza kila sharti liwe namba

"Hakuna msuguano" ni sentensi isiyopimika. Hakuna bomba lisilo na msuguano, kwa hiyo swali la maana ni msuguano ni mkubwa kiasi gani ukilinganishwa na kile unachokihesabu. Kila sharti kwenye mshale lipe kipimo ambacho unaweza kukikokotoa kabla hujautumia mlinganyo.

Kwa mnato ndani ya bomba, linganisha kimo kinachopotea na kimo cha kasi, v²/2g. Uwiano wao ni hivi:

```
N = f·L/D + ΣK
```

L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo chake cha ndani, f ni kipeo cha msuguano cha Darcy, na kila K ni upotevu wa kiungo kimoja: kona, valvu, mdomo wa kuingilia, mfereji. Kama N ni 0.05, Bernoulli atakosea kidogo sana na unaweza kumwamini. Kama N ni 1, nusu ya kimo imeliwa na msuguano. Kama N ni 40, Bernoulli hana tena la kusema kuhusu kasi ya maji hayo.

Angalia kinachoamua hapo. Kwa mabomba ya nyumbani f huwa karibu na 0.02 hadi 0.03, kwa hiyo bomba lenye urefu wa mara 40 tu ya kipenyo chake tayari lina f·L/D inayokaribia 1. Kwa bomba la nusu inchi, mara 40 ni sentimita 60. Mwanafunzi akijua hilo moja tu, atajua kwamba Bernoulli ni mlinganyo wa mashimo, midomo na sehemu fupi zinazobana. Wa mabomba marefu ni mwingine.

Kwa sharti la wakati, linganisha muda ambao mtiririko unachukua kutulia na muda wa kisa chenyewe. Tangi linaloshuka polepole kwa saa nzima unaweza kulichukulia kana kwamba limetulia kila dakika, lakini mfereji unaofungwa kwa kishindo hauwezi kuchukuliwa hivyo. Kwa densiti, kipimo ni kasi ikilinganishwa na kasi ya sauti. Hewa ikipita chini ya asilimia 30 ya kasi ya sauti, yaani kama mita 100 kwa sekunde, densiti yake hubadilika kwa chini ya asilimia 5 na huna haja ya kuhangaika. Upepo wa kusi hauwezi kukufikisha huko. Sharti hili liandike kwa mstari mmoja, uendelee.

Hatua ya tatu: tangi la Mkomani, namba kwa namba

Bomba ni la plastiki la nusu inchi, kipenyo cha ndani milimita 15, na lina urefu wa mita 18 kwa sababu linashuka ukutani, linazunguka ngazi na kukatiza hadi uani. Lina kona nne. Maji yana joto la nyuzi 28, na mnato wake ukigawanywa kwa densiti, ν, ni 0.84 × 10⁻⁶ m²/s.

Kabla ya kuandika Bernoulli, kokotoa N. Urefu ukigawanywa kwa kipenyo ni 18/0.015 = 1200. Kwa f ya kukisia ya 0.024, f·L/D ni kama 29. Viungo: mdomo wa kutokea tangini 0.5, kona nne kwa 0.9 kila moja ni 3.6, na mfereji wa kuzungusha uliofunguliwa wote tuupe 6. Jumla ya K ni 10.1. N basi ni kama 39. Hapo hapo karatasi yako imekwisha kukuambia usiende ngazi ya 4.

Unachokwenda nacho ni mlinganyo wa nishati, ambao ni Bernoulli aliyerudishiwa kile kilichotupwa:

```
p₁/ρg + v₁²/2g + z₁ + h_p = p₂/ρg + v₂²/2g + z₂ + h_L
h_L = (f·L/D + ΣK) · v²/2g
```

h_p ni kimo kinachoongezwa na pampu kama ipo. Hapa ni sifuri. Juu ya tangi na mdomoni mwa mfereji presha ni ile ile ya hewa, na uso wa tangi unashuka polepole mno, kwa hiyo v₁ tunaitupa. Hiyo pia ni dhana, na ina kipimo chake. Kama tangi lina kipenyo cha mita 1, eneo lake ni zaidi ya mara 4,000 ya eneo la bomba, na v₁² ni ndogo kuliko v₂² kwa zaidi ya mara milioni 16. Inayobaki ni:

```
6 = (1 + N) · v²/2g
v = √(117.72 / (1 + N))
```

Kwa kuwa f inategemea kasi, hesabu inazunguka mara mbili. Ukianza na f = 0.024 unapata v ya takriban 1.72. Rudi ukapime namba ya Reynolds: Re = vD/ν = 1.72 × 0.015 / (0.84 × 10⁻⁶), yaani 31,000 hivi, mtiririko wa msukosuko. Kanuni ya Blasius kwa bomba laini, f = 0.316/Re^0.25, inarudisha 0.0239. Namba imekubaliana na tuliyoanza nayo, kwa hiyo acha hapo. Re ingekuwa chini ya 2,300, mtiririko ungekuwa tulivu na f ingekuwa 64/Re. Ukitumia Blasius huko unapata jibu la uongo, kwa hiyo mipaka yake nayo iandike kando yake: bomba laini, Re kati ya 4,000 na 100,000.

Kasi ni mita 1.72 kwa sekunde, eneo la bomba ni 1.767 × 10⁻⁴ m², mtiririko ni lita 0.304 kwa sekunde. Mtungi wa lita 20 utajaa kwa sekunde 66.

Kati ya mita 6 za kimo, kasi ya maji yanayotoka imechukua v²/2g = sentimita 15 tu. Mita 5.85 zimepotea njiani. Hazikupotelea hewani: zimegeuka joto, na ukizigawa kwa uwezo wa maji wa kubeba joto utaona zimeyapasha kwa nyuzi 0.014. Ndiyo maana hakuna mkono utakaouhisi upotevu huo, ingawa umekula asilimia 97 ya kimo. Sehemu kubwa imeliwa na bomba lenyewe, kama 29 kati ya 39 za N. Atakayetaka mtungi ujae upesi asihangaike kwanza na kona. Abadilishe bomba liwe la robo tatu inchi, kipenyo cha ndani milimita 20. Hesabu ile ile inatoa kasi ya 1.97 na lita 0.62 kwa sekunde, sekunde 32 kwa mtungi. Kasi imeongezeka kidogo tu, lakini maji ni mara mbili, kwa kuwa bomba limepanuka.

Kidole kwenye mdomo wa mfereji

Hapa kuna jaribio ambalo kila mtoto amelifanya na ambalo vitabu vingi hulieleza vibaya. Ziba mdomo wa mfereji kwa kidole, acha tundu dogo. Maji yanaruka mbali. Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini, atajibu: "Bernoulli. Eneo likipungua, kasi inaongezeka."

Chukua mlinganyo wa 4 uliopo kwenye karatasi yako, utumie kutoka uso wa tangi hadi mdomo. Unatoa v = √(2gh) bila kujali ukubwa wa tundu. Kwa maneno mengine, Bernoulli mtupu anasema kidole chako kisingebadilisha kasi ya maji hata kidogo. Kingepunguza tu wingi wake. A₁v₁ = A₂v₂ nao peke yake hautoshi, kwa sababu unakuambia uwiano wa kasi ndani na nje ya tundu, hauelezi kwa nini mtiririko mzima usipungue kwa kiasi kile kile ulichobana.

Jibu liko kwenye N. Tuseme tundu lina kipenyo cha milimita 5. Eneo limekuwa moja ya tisa, basi kasi ndani ya bomba ni moja ya tisa ya kasi ya mdomoni. Msuguano hufuata mraba wa kasi ya bombani, kwa hiyo ukilinganishwa na kimo cha kasi ya mdomoni, N inagawanywa kwa 81:

```
6 = (1 + N/81) · v²/2g
```

Bombani maji sasa yanakwenda polepole, Re imeshuka hadi 17,000 hivi, f imepanda hadi 0.027, na N ni kama 43. N/81 ni 0.53, na v inatoka 8.8 mita kwa sekunde. Kabla ya kidole ilikuwa 1.72. Wingi wa maji umeshuka kutoka lita 0.30 hadi 0.17 kwa sekunde, na mtungi sasa utachukua karibu dakika mbili. Anayebana mfereji akidhani anaharakisha kujaza anajichelewesha.

Kwa hiyo kuruka kwa maji chini ya kidole ni ushahidi kwamba bomba lina msuguano mkubwa. Ulipobana, maji yalipunguza mwendo bombani, msuguano ukalegea, na kimo kilichokuwa kikiliwa njiani kikafika mdomoni. Bila msuguano kidole kisingeongeza kasi hata kidogo. Swali hili ni zuri kuliko yote kwa kumpima aliyefupisha sura, kwa sababu mwenye orodha ya visanduku atajibu haraka na vibaya, na mwenye ukoo atasita kwanza.

Sasa geuza upande wa pili ili uone Bernoulli anapokuwa sahihi. Toboa tundu safi kwenye ukuta mwembamba wa tangi lenyewe, mita 1 chini ya uso wa maji. Hakuna bomba, L ni kama sifuri, N ni kama 0.05. √(2g × 1) ni 4.43 mita kwa sekunde na maji yatatoka kwa kasi inayokaribia hiyo kabisa, kama Torricelli alivyoonyesha karne moja kabla ya Bernoulli. Jambo moja tu la kuliandika kando: mkondo hunywea baada ya kutoka kwenye tundu lenye kingo kali, kwa hiyo wingi wa maji ni kama asilimia 60 ya eneo mara kasi. Hilo ni suala la eneo. Kasi haina lawama.

Mistari miwili, C mbili

Kosa la pili kwa ukubwa baada ya msuguano ni kulinganisha sehemu mbili zisizo kwenye mstari mmoja wa mtiririko. Shika karatasi kwa ncha mbili ilegee mbele ya midomo yako, upulize juu yake. Inainuka. Maelezo yanayozunguka ni kwamba hewa ya juu ina kasi, hivyo ina presha ndogo kuliko hewa tuli ya chini.

Pumzi yako na hewa tuli ya chini hazikutoka mahali pamoja. Pumzi ilipewa nishati na mapafu, kwa hiyo C yake ni kubwa kuliko ya hewa ya chumbani, na mlinganyo wa 4 hauna ruhusa ya kuziunganisha. Kwa kweli pumzi ikitoka mdomoni ikaenda moja kwa moja, presha yake ni sawa na ya hewa iliyoizunguka ingawa ina kasi. Jaribu kupuliza kando ya karatasi inayoning'inia wima, pumzi iende sambamba nayo bila kujipinda: haivutwi kama maelezo yale yanavyodai. Inayoinuka huinuka kwa sababu karatasi imejikunja na pumzi inaufuata mkunjo wake. Kitu kinachotiririka kwenye mkunjo lazima kiwe na presha kubwa upande wa nje wa kona kuliko wa ndani. Huo ni mlinganyo wa 2 ukisomwa kukatiza mistari badala ya kuifuata, na unastahili nafasi yake kwenye karatasi:

```
∂p/∂n = ρ v² / R
```

R ni nusu kipenyo cha mkunjo, n ni mwelekeo wa kutoka katikati ya mkunjo kwenda nje.

Linganisha na tanga la jahazi. Hewa inayopita pande mbili za tanga yote imetoka kwenye kusi ile ile, mbali baharini, ikiwa na presha moja na kasi moja. Hapo C ni moja kwa mistari yote, na Bernoulli anaruhusiwa kulinganisha pande mbili, ilimradi ubaki nje ya utando mwembamba wa hewa unaogusa kitambaa na nje ya msukosuko ulioko nyuma yake. Lakini ile hadithi kwamba hewa ya pande mbili "lazima ifike nyuma kwa wakati mmoja" haimo popote kwenye ukoo. Itafute mshale kwa mshale, hutaiona. Ukoo una faida hiyo pia: unakuonyesha kilichochomekwa na mtu njiani.

Pampu ni kisa hicho hicho kwa sura nyingine. Kabla na baada ya pampu C hazilingani, na tofauti yake ndiyo h_p. Anayeandika Bernoulli mtupu kutoka kisimani hadi tangi la juu atapata v² hasi, kana kwamba maji hayawezi kupanda kabisa. Na upande wa kuvuta una mpaka mwingine: presha kamili ndani ya bomba haiwezi kushuka chini ya presha ya mvuke, ambayo kwa maji ya nyuzi 28 ni kilopaskali 3.8. Presha ya hewa ya usawa wa bahari ni 101.3, kwa hiyo pampu iliyo juu ya kisima haiwezi kuvuta kutoka kina kinachozidi mita 10 hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Ukishatoa msuguano na upotevu wa valvu ya chini, kivitendo ni mita 6 au 7. Mlinganyo wenyewe hautakuonya. Utakupa presha hasi bila aibu. Kila ukipata p, ongeza presha ya hewa uone kama jibu bado liko juu ya mvuke. Likiwa chini, maji yamegeuka mvuke na hesabu yote imekufa.

Mfereji unapofungwa kwa kishindo

Kwenye mshale wa ∂v/∂t = 0 fikiria mfereji wa mpini unaozungushwa robo tu. Ukifungua, maji ya mita 18 za bomba hayaanzi kwa kasi ya 1.72 papo hapo. Yanasukumwa na kimo cha mita 6, na muda wake wa kupimia ni Lv/gh, kama nusu sekunde. Baada ya sekunde 1.4 hivi yamefika asilimia 99 ya kasi yake. Kwa mtungi wa sekunde 66 hilo halina uzito.

Kufunga ni habari nyingine. Bernoulli anasema baada ya kufunga presha kwenye mfereji ni ρgh tu, kilopaskali 59. Ukweli ni kwamba mfereji ukifungwa ghafla, presha inaruka kwa kiasi alichokitoa Joukowsky mwaka 1898:

```
Δp = ρ · c · Δv
```

c ni kasi ya wimbi la presha ndani ya bomba. Kwenye bomba la plastiki la PVC chukua mita 400 kwa sekunde, na mruko ni 1000 × 400 × 1.72, karibu kilopaskali 690, zaidi ya mara 11 ya presha ya kawaida. Kwenye bomba la chuma c huzidi 1,000, na mruko nao huzidi maradufu. "Ghafla" nayo ina kipimo: muda wa kufunga usiozidi 2L/c, ambao hapa ni sekunde 0.09. Ule mshindo unaogonga ukutani mtu anapofunga mfereji kwa nguvu ndio sharti hili linavyosikika likivunjika, na viungo vilivyogundishwa vibaya huanza kutoa maji hapo.

Kuitumia karatasi kinyumenyume

Karatasi iliyokamilika ina ukoo upande wa kushoto, kipimo cha kila mshale katikati, na upande wa kulia mlinganyo mbadala wa kukimbilia kipimo kikigoma: mlinganyo wa nishati kwa msuguano na pampu, ∂p/∂n kwa mistari tofauti, Joukowsky kwa kishindo. Iweke upande mmoja wa karatasi ya A4. Ikizidi, huenda umenakili mifano.

Ipime kwa kuitumia kutafuta ugonjwa. Tuseme mtungi wa tangi lile haujai kwa sekunde 66, unajaa kwa 90. Mtiririko ni lita 0.222, kasi ni 1.26, na 117.72/1.26² inatoa jumla ya (1 + N) ya 74. Kwa kasi hiyo bomba safi lilistahili kuwa na 42, kwa kuwa f imepanda kidogo. Kuna 32 za ziada, na ziada kubwa hivyo haitoki kwenye ukuta wa bomba jipya la plastiki. Imekaa mahali pamoja: valvu iliyofunguliwa nusu, chokaa ya maji ya kisima, au mchanga kwenye kichujio cha mfereji. Fungua mfereji uutoe kabisa, jaza mtungi kutoka bomba tupu. Ukijaa kwa sekunde 60, ziada ilikuwa mferejini. Ukijaa kwa zaidi ya 80, panda juu ukaangalie valvu ya tangi.